Skripti ya video ya kuomba ndoa: kwa nini swali linaonekana limebandikwa, na pa kurekebisha

Malalamiko yanayojirudia zaidi kuhusu video hizi ni haya: picha ni nzuri, muziki mzuri, maneno matamu, lakini swali lenyewe likifika linaonekana kama limebandikwa mwishoni. Anayeulizwa anatabasamu, anasema ndiyo kwa sababu alikuwa tayari kusema ndiyo, ila ile hadithi ya dakika tatu haikuchangia chochote. Angeulizwa bila video, jibu na machozi yangekuwa yale yale.

Tatizo hilo mara nyingi halipo mwishoni. Lipo sentensi ya tatu au ya nne, mahali ambapo hadithi ilipaswa kushika jambo moja ikaamua kushika yote. Kwa hiyo ukiona dalili zaidi ya moja kati ya hizi, anza kurekebisha ile ya kwanza hapa chini kabla ya nyingine. Ikitengemaa, mbili au tatu zinazofuata huondoka zenyewe.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kijana anayetaka kumwomba mpenzi wake waoane, ana picha nyingi kwenye simu, na ana rasimu ya kwanza mkononi.

Dalili: miaka inapita, hadithi haisogei

Rasimu ya kijana ilisomeka hivi:

"Tulikutana mwaka 2019 kwenye darasa la jioni. Kisha tukawa marafiki. Mwaka 2020 tukaanza uhusiano wetu. Kisha nikahamishiwa kazi mji mwingine. Mwaka 2022 tulisafiri pamoja kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 nilirudi. Umekuwa nuru yangu. Leo nina swali moja."

Kila sentensi hapo ni ya kweli, na bado hakuna hadithi. Kipimo ni rahisi: chukua sentensi mbili za katikati, zibadilishane nafasi, kisha usome tena. Kama hakuna kilichoharibika isipokuwa tarehe, ulichoandika ni orodha. Kipimo cha pili ni kuangalia neno linalounganisha tukio moja na jingine. Likiwa ni "kisha" kila mahali, matukio yanapangana tu. Yakianza kuunganishwa na "lakini" na "kwa hiyo", tukio moja linazaa jingine, na msikilizaji anataka kujua kitakachofuata.

Chanzo chake ni kwamba mwandishi alianzia kwenye albamu ya simu. Albamu hupangwa kwa tarehe, na anayeandika kwa kuifuata hulazimika kuipa kila picha sentensi yake: siku ya kuzaliwa, sherehe ya rafiki, safari ya ufukweni. Tena picha hupigwa siku za furaha tu. Zile siku ambazo uhusiano ulijaribiwa hazimo kwenye albamu, na hizo ndizo zinazofanya swali liwe na uzito.

Dawa ni kuifunga albamu kwanza na kutafuta kitu kimoja kinachojirudia kati yenu. Kiwe ni kitendo, si sifa. Jiulize: kuna jambo gani mwenzangu hulifanya ambalo sijawahi kufanyiwa na mtu mwingine? Lilianza lini, kabla sijajua lina maana yoyote? Kuna siku lilikosekana, au lilinigharimu, au lilimgharimu yeye? Ukipata jambo linalojibu maswali yote matatu, umepata uzi wako. Likijibu swali la kwanza peke yake, endelea kutafuta, kwa sababu uzi unahitaji kuonekana angalau mara tatu na kila mara uwe na uzito tofauti: mara ya kwanza ni jambo dogo, mara ya pili linajaribiwa, mara ya tatu linarudi likiwa limebadilika maana.

Kijana wetu alipoulizwa hivyo, hakutaja safari wala siku ya kuzaliwa. Alisema kwamba kila wanapoachana, mwenzake humwambia "ukifika niambie". Watu wengi husema hivyo, ila huyu husubiri. Jioni ile ya kwanza baada ya darasa, kijana alifika kwake akasahau, akalala. Saa sita usiku simu ikaita. Sauti ikauliza, "Umefika?" Akajibu ndiyo, simu ikakatwa. Miaka iliyofuata alihamishiwa mji wa mbali, mwendo wa saa nane kwa basi, na usiku mmoja basi likaharibika njiani simu ikiwa imezima. Alipofika alfajiri na kuichaji, alikuta ujumbe kumi na kitu, wa mwisho ukisema: "Nipo macho."

Tazama jinsi sentensi zinavyoshikana sasa. Aliniambia nimjulishe nikifika, *lakini* nikasahau, *kwa hiyo* akapiga usiku wa manane. Nilihamishwa mbali, *kwa hiyo* swali lile likawa la kila wiki. Usiku mmoja sikuweza kujibu, *lakini* hakulala. Huwezi kuzibadilishana tena. Kuharibika kwa basi hakuna maana kama hatujaisikia ile simu ya usiku wa kwanza.

Na tarehe zote zimeondoka. Hakuna aliyezikosa.

Kulikuwa na mambo makubwa zaidi kwenye rasimu ya kwanza, kwa mfano safari ya 2022 ambayo kijana aliipenda sana. Iliondolewa kwa sababu haikugusa uzi. Hapa ndipo waandishi wengi hushindwa, nami nasisitiza: kumbukumbu nzuri isiyogusa uzi inadhoofisha swali, kwa kuwa inamfundisha mtazamaji kwamba chochote kinaweza kufuata chochote. Safari hiyo inaweza kupata picha moja ya sekunde nne bila maneno, na inatosha.

Dalili: ameshajua ndani ya sekunde ishirini

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwenzako kubahatisha kwamba kuna swali linakuja si hasara kubwa. Watu waliokwisha kuzungumzia ndoa huhisi. Hasara ni pale anapojua *jinsi* litakavyokuja, kwa sababu kuanzia hapo hasikilizi tena. Anasubiri mwisho na kupanga uso wake.

Sababu ya kawaida ni sentensi ya kwanza. "Tangu siku ya kwanza nilijua wewe ndiye" inatangaza mwisho kabla ya mwanzo, na mara nyingi hata si kweli. Maneno kama ndoa, milele, maisha yangu yote, mama wa watoto wangu, yawekee marufuku hadi sekunde thelathini za mwisho. Yakikosa nafasi huko mwisho pia, usiyahurumie.

Anza na jambo dogo lenye mahali na saa. "Jioni ile pale kituoni uliniambia, ukifika niambie." Sentensi hiyo inaweza kuwa mwanzo wa salamu ya siku ya kuzaliwa au utani wa marafiki. Mtazamaji anaingia kwenye kituo cha basi kabla hajaingia kwenye tukio la leo.

Kuna sababu nyingine nje ya maandishi, na inafaa iandikwe juu kabisa ya skripti ili anayerusha video asiisahau: jina la faili. Video ikifunguliwa kwenye skrini kubwa, jina kama `proposal_final.mp4` huonekana kwa sekunde mbili, na sekunde mbili zinatosha. Liite `picha_za_zamani.mp4`. Muziki pia husaliti. Wimbo unaojulikana kwa harusi ukianza kabla ya neno la kwanza, maneno hayana kazi tena.

Dalili: maneno matamu, lakini yangemfaa mtu yeyote

Soma skripti ukiwa umeweka jina la mtu mwingine kabisa. "Wewe ni nuru yangu, rafiki yangu, nguvu yangu" bado inafanya kazi? Basi sentensi hiyo si yake. Sababu ni kwamba sifa huja haraka kuliko kumbukumbu, hasa ukiandika usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Usijaribu kutafuta sifa nzuri zaidi. Badili kila sifa iwe kitendo kilichoonekana au kusikika. "Unanijali" inakuwa "Nipo macho." Maneno mawili aliyoyaandika yeye mwenyewe, usiku, kwa mkono wake. Ukishayaweka, ondoa kabisa sentensi iliyokuwa ikieleza kwamba anajali. Ukiziacha zote mbili, ile ya maelezo itaua ile ya kitendo, maana unamwambia ahisi kile ambacho tayari alikuwa akikihisi.

Dalili: msimulizi anakimbizana na picha

Hapa tatizo ni hesabu tu. Kwa usomaji wa utulivu, nakadiria maneno mia kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu na sauti yenye hisia husita. Video ya dakika tatu isijazwe maneno mia tatu. Acha angalau theluthi moja bila sauti ya msimulizi, iwe ni muziki, sauti halisi ya klipu, au kimya. Hapo unabaki na maneno kama mia mbili. Wengi wakifika hapa hugundua wameandika mia tano, na badala ya kupunguza wanasoma haraka.

Njia ya kupunguza bila kuumiza hadithi ni kuandika skripti kwa safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Ukiziona zikiwa sambamba, utagundua mara moja pale zinaposema kitu kimoja. Picha inaonyesha basi, msimulizi anasema "nilikuwa nikisafiri kwa basi". Futa. Sauti iseme kile ambacho picha haiwezi kuonyesha.

Sehemu ya katikati ya skripti ya kijana ilikaa hivi:

Picha: dirisha la basi usiku, taa zinapita. Sekunde nane.
Sauti: "Saa nane kwenda, saa nane kurudi. Na kila mara, kabla sijashusha begi, unauliza."

Picha: skrini ya simu, giza.
Sauti: kimya, sekunde tatu.

Picha: simu inawaka, ujumbe unaingia mmoja mmoja: "Umefika?" "Umefika?" "Nijibu basi." "Nipo macho."
Sauti: muziki pekee.

Hakuna msimulizi kwenye tukio zito kuliko yote. Rasimu ya kabla ilikuwa na sentensi nne hapo zikieleza basi lilivyoharibika, fundi alivyochelewa, na jinsi kijana alivyojisikia. Zote ziliondolewa, na ndipo tukio likapumua. Kama ujumbe wa asili haupo tena kwenye simu, andika upya maneno unayoyakumbuka kwa maandishi ya kawaida kwenye skrini. Usitengeneze picha ya simu inayojifanya ndiyo ya siku ile, kwa sababu yeye anakumbuka alichoandika.

Picha mnato zikae sekunde nne au tano, na zile zenye maandishi zikae muda wa kuyasoma mara mbili kwa sauti ya chini.

Dalili: swali limefika, lakini hajui amtazame nani

Hii ndiyo dalili inayouma kuliko zote, kwa sababu inatokea mbele ya watu na haiwezi kurudiwa. Kwenye skrini yanaandikwa maneno "Utakubali kuolewa nami?", muziki uko juu, kijana amepiga magoti pembeni, na msichana bado anatazama skrini. Akigeuka, muda umepita. Wakati mwingine video inaendelea: majina ya waliosaidia, shukrani, na mbaya zaidi, maandishi ya "Amesema ndiyo!" yaliyohaririwa wiki moja kabla hajaulizwa.

Chanzo ni kuipa video kazi isiyo yake. Msimamo wangu hapa hauna shaka: kama mko mahali pamoja, swali lisiwe ndani ya video. Video ifikishe hadithi ukingoni, kisha mtu aliye hai aseme neno la mwisho. Kwa hiyo skripti ina sehemu mbili, ya skrini na ya mdomo, na sehemu ya skrini imalizike ikiwa na pengo ambalo mdomo pekee unaweza kulijaza.

Uzi mzuri hulitengeneza pengo hilo wenyewe. Kwa kijana wetu, sehemu ya mwisho ilienda hivi. Msimulizi anasema: "Sasa ninaishi dakika kumi kutoka kwako, na bado unauliza. Wiki iliyopita niliandika 'nimefika', nikafuta. Nilikuwa nimefungua mlango wa nyumba ambayo wewe hukuwemo." Skrini inaonyesha ujumbe mmoja: "Umefika?" Chini yake, sehemu ya kujibu ni tupu, mshale wa kuandikia unawaka na kuzima. Muziki unashuka hadi kwisha. Sekunde tano. Skrini inakuwa nyeusi.

Na kijana, akiwa amesimama nyuma ya msichana, anasema: "Nimefika." Msichana anageuka. Kisha swali.

Angalia kwamba ile "nimefika" haikuelezwa popote. Imebeba usiku wa kwanza, basi lililoharibika na ule mlango, kwa sababu vyote viliwekwa kwa mpangilio. Na inamfanya ageuke, jambo ambalo maandishi kwenye skrini yangemzuia kulifanya.

Mambo matatu ya kiufundi yanalinda dakika hiyo, na yaandikwe kwenye skripti kama maelekezo. Mhariri aongeze dakika nzima ya weusi na ukimya mwishoni mwa faili, ili kifaa kisirudi kwenye menyu yenye rangi au kurusha video inayofuata. Kipengele cha kucheza video nyingine kiotomatiki kizimwe. Na muziki ufikie kilele *kabla* ya ujumbe wa mwisho, kwenye "Nipo macho", ili uwe unashuka wakati swali linakaribia. Muziki ukipanda hadi mwisho, utamlazimu kijana apige kelele, au asubiri.

Swali lenyewe liwe sentensi moja fupi inayotamkika kwa sauti inayotetemeka. "Utakubali kuolewa na mimi?" inatosha. Mwanamke anayemwuliza mwanaume aseme "Utanioa?" au "Utakubali tuoane?", kadiri anavyozungumza kila siku. Litamke mara nyingi kwa sauti, si kichwani, kwa sababu koo likikaza silabi nyingi hupotea. Baada yake usiandike chochote. Mahali pa jibu paachwe wazi hata kwenye karatasi.

Wanaoishi mbali na wanaolazimika kutuma video wana njia nyingine: video iishie kwenye pengo lile lile, na simu ipigwe wakati skrini inakuwa nyeusi. Hapo utahitaji mtu aliye karibu naye wa kukuambia ameanza kuitazama lini.

Dalili: anacheka kwa aibu pale ulipotarajia machozi

Mara nyingi si uandishi mbaya. Kuna jambo limeonyeshwa mbele ya watu ambao hakutaka walione. Ujumbe wake wa faragha, ugomvi wenu, ugonjwa, msiba wa nyumbani kwao, mpenzi wa zamani: yote yanaweza kuwa kweli na yakawa na nguvu, na bado yakamvua nguo mbele ya wazazi wake. Pitia kila mstari ukijiuliza nani atakuwa amekaa pale. "Nipo macho" inasomeka mbele ya mtu yeyote. Ujumbe uliofuata asubuhi ile, ambao kijana aliupenda zaidi, haukusomeka, akauacha.

Na kuna dalili ambayo skripti haiwezi kuitibu. Kama hamjawahi kuzungumzia ndoa hata kidogo, watoto, mahali pa kuishi, ridhaa ya familia, video nzuri mbele ya watu inageuka kuwa shinikizo, na kadiri ilivyoandikwa vizuri ndivyo inavyombana. Mazungumzo hayo yatangulie, faraghani, bila kamera.

Kabla ya kurekodi

Mtafute mtu mmoja anayemfahamu mwenzako vizuri na anayeweza kutunza siri. Msomee sauti peke yake, bila picha, kisha usimwulize kama ni nzuri. Mwulize asimulie alichosikia. Akirudia matukio kwa mpangilio, hadithi imeshikana. Akiruka moja, hilo ndilo la kukata. Simama pia kabla ya sehemu ya mwisho na umwulize anadhani kijana atasema nini. Akisema "atamwomba waoane", sawa. Akisema maneno yenyewe, "atasema nimefika", basi pengo umeliziba mapema mno, na mara nyingi ni kwa sababu uzi umetajwa mara nyingi kupita kiasi katikati. Kwenye rasimu moja, "umefika" ilitokea mara saba. Zilipobaki nne, mwisho ukarudi kuwa wa kushtua.

Mwishowe, andika nyuma ya karatasi sentensi nne tu zinazobeba hadithi yote: kituoni, simu ya usiku, basi, mlango. Uzikariri. Umeme ukikatika au projekta ikigoma, kijana atasimama azisimulie mwenyewe kwa dakika moja, na neno "nimefika" bado litakuwa na kila kinacholipa uzito.